Seli ndogo nyekundu: kusoma MCV, RDW na RBC ili kutofautisha ukosefu wa chuma na ubebaji wa thalasemia

Ripoti ya damu imetoka. Hb, yaani himoglobini, iko chini, MCV, yaani wastani wa ukubwa wa seli nyekundu, ni 64, na anayeisoma tayari ameshika kalamu kuandika vidonge vya chuma. Mara nyingi atakuwa sahihi, kwa sababu ukosefu wa chuma ndio chanzo kikubwa kabisa cha upungufu wa damu wenye seli ndogo. Ila yuko mtu mwingine mwenye MCV hiyohiyo ambaye akiba yake ya chuma haina tatizo lolote. Huyo ni mbebaji wa thalasemia, mtu aliyerithi kasoro kwenye jeni za kutengeneza globini, protini inayounda himoglobini. Akimeza chuma miezi sita, MCV yake haitasogea. Ataandikiwa tena, na tena, bila kuambiwa jambo lililo muhimu kwake: akizaa na mbebaji mwenzake wa beta thalasemia, kila ujauzito unabeba uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye thalasemia kali, anayehitaji kuongezewa damu maisha yake yote.

Hizo hali mbili hutofautishwa kwa sehemu kubwa na namba ambazo tayari zimo kwenye karatasi ileile ya picha kamili ya damu. Ninaeleza hapa namna ya kuzisoma kwa mpangilio, namna ya kupiga hesabu, na mahali ambapo hesabu hizo zinakudanganya.

Hatua ya kwanza: hakikisha namba zenyewe

Usipige hesabu yoyote kabla ya kujua sampuli ilichukuliwa lini na mgonjwa amepata matibabu gani. Damu iliyokaa kwenye chupa ya EDTA kutwa kucha katika joto la chumba huvimbisha seli nyekundu. MCV inapanda, RDW, kipimo cha tofauti za ukubwa wa seli, nayo inapanda, na mgonjwa mwenye seli ndogo anaweza kuonekana yuko karibu na kawaida. Sampuli ya namna hiyo irudiwe. Hakuna kanuni ya kuirekebisha.

Mtu aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita ana seli zake pamoja na za mchangiaji, kwa hiyo MCV yake ni wastani wa watu wawili. Kwenye mchoro wa ukubwa wa seli unaochorwa na mashine utaona vilima viwili, au kilima kimoja chenye bega pembeni. Aliyeanza vidonge vya chuma wiki moja au mbili zilizopita naye ana mchanganyiko wa aina yake: uboho umeanza kutoa retikulosaiti, seli changa ambazo ni kubwa kuliko zilizokomaa, na RDW inaruka juu kwa sababu ya tiba, si kwa sababu ya ugonjwa. Fahirisi nitakazozieleza hazikutengenezwa kwa watu hawa wawili.

Angalia pia chembe sahani. Seli nyekundu zikiwa ndogo mno, mashine inayopima kwa ukubwa inaweza kuhesabu baadhi yake kama chembe sahani. Ukiona MCV ya 55 pamoja na chembe sahani zilizozidi sana, paka damu kwenye kioo uitazame mwenyewe kwa hadubini.

Hatua ya pili: MCV kwanza, kisha RDW

MCV ni wastani wa ukubwa wa seli nyekundu. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya femtolita 80 na 100. Kwa mtoto usitumie kipimo hicho, kwani seli zake huwa ndogo kwa asili. Kuanzia mwaka mmoja hadi kumi, kikomo cha chini cha kukadiria ni 70 ukijumlisha miaka yake, yaani mtoto wa miaka mitatu mwenye MCV ya 74 hana seli ndogo.

RDW inaeleza seli zinatofautiana kiasi gani kwa ukubwa. Wastani unaweza kuwa uleule kwa watu wawili, mmoja akiwa na seli zinazolingana zote, mwingine akiwa na ndogo sana zilizochanganyika na za kawaida. Kawaida ya RDW ni takriban asilimia 11.5 hadi 14.5, ingawa kila mashine ina mipaka yake na ndiyo unayopaswa kuifuata.

Mwaka 1983 Bessman na wenzake walipendekeza upungufu wa damu upangwe kwa namba hizi mbili kwa pamoja. MCV inakuambia seli ni ndogo, za kawaida au kubwa, na RDW inakuambia kama zinalingana au zimechanganyika. Seli kubwa zilizochanganyika zinakuelekeza kwenye ukosefu wa vitamini B12 au foleti. Seli za ukubwa wa kawaida lakini zilizochanganyika zinaweza kuwa ukosefu wa chuma unaoanza, kwani RDW huwahi kupanda kabla MCV haijashuka, au ukosefu wa vitu viwili kwa wakati mmoja, ambapo chuma kinavuta wastani chini na foleti inauvuta juu. Seli za kawaida zinazolingana huonekana katika magonjwa ya muda mrefu na mara tu baada ya kutokwa damu nyingi.

Sisi tumo kwenye kona ya seli ndogo. Kwa mpango huo, seli ndogo zilizochanganyika ni ukosefu wa chuma, na seli ndogo zinazolingana ni ubebaji wa thalasemia. Mantiki yake ni nzuri. Chuma hakiishi kwa siku moja. Akiba inapungua wiki baada ya wiki, na kila kundi la seli linalotoka kwenye uboho linakuwa dogo kuliko lililotangulia. Seli nyekundu huishi karibu siku 120, kwa hiyo ndani ya mishipa zinazunguka seli za zamani zilizopata chuma cha kutosha pamoja na za jana zilizokosa. Mbebaji wa thalasemia hana historia ya namna hiyo. Kasoro iko kwenye jeni, kila seli aliyowahi kutengeneza imepata upungufu uleule wa globini, na zote zimetoka ndogo kwa kipimo kimoja.

Hata hivyo, ukitegemea RDW peke yake utaangushwa, na sababu yake imo ndani ya hesabu yenyewe. RDW inayoandikwa kwa asilimia hupatikana kwa kuchukua mtawanyiko wa ukubwa wa seli, kuugawa kwa MCV na kuzidisha kwa 100. Chukua mtu mwenye afya: MCV 90, mtawanyiko wa femtolita 12, RDW ni asilimia 13.3. Sasa chukua mbebaji wa thalasemia mwenye MCV 63 na mtawanyiko wa femtolita 9.8 tu. Seli zake zimetawanyika kidogo kuliko za yule mwenye afya, lakini 9.8 ukigawa kwa 63 unapata asilimia 15.6, juu ya kikomo. Kigawanyo kimekuwa kidogo, basi asilimia imepanda. Ndiyo maana wabebaji wengi wana RDW ya 15 au 16 na wanaingizwa kwenye kapu la ukosefu wa chuma bila haki. Mashine yako ikitoa pia RDW-SD, ambayo huandikwa kwa femtolita, itazame. Hiyo hupima upana wa mchoro moja kwa moja bila kugawa kwa MCV, na kwa mbebaji mara nyingi huwa ya kawaida au chini ya kawaida.

Kwa hiyo RDW ya chini, kwa mfano 13, pamoja na MCV ya 65 ni ushahidi mzuri dhidi ya ukosefu wa chuma. RDW ya 20 inaelekeza kwenye chuma. Iliyo katikati, 15 hadi 17, haisemi kitu peke yake, na hapo ndipo unapohitaji namba ya tatu.

Hatua ya tatu: soma RBC

Kama ningeruhusiwa kuongeza mstari mmoja tu baada ya MCV, ningechagua idadi ya seli nyekundu, RBC. Ni mstari ambao wengi huuruka, nao ndio unaobeba tofauti kubwa zaidi kati ya hali hizi mbili.

Kutengeneza seli nyekundu kunahitaji chuma, na chuma kikiisha uboho unapunguza kazi yenyewe. Seli zinakuwa ndogo na pia zinakuwa chache, Hb na RBC zikishuka pamoja. Mbebaji wa thalasemia ana chuma tele. Kila seli yake inabeba himoglobini pungufu, na uboho unajibu kwa kutoa seli nyingi zaidi. Matokeo yake ni picha ambayo ukiizoea hutaisahau: Hb ya 11 au 12, MCV ya 63, na RBC ya 5.6 au 5.9, juu kuliko ya watu wengi wenye afya. Mtu mwenye Hb pungufu na RBC iliyozidi anastahili kuulizwa habari za thalasemia kabla ya kuandikiwa chochote.

Uwiano kati ya MCV na Hb nao unasema. Mbebaji ana seli ndogo sana kwa upungufu mdogo wa damu. Katika ukosefu wa chuma, mpaka MCV ifike kwenye sitini na kitu, kwa kawaida Hb imeshaporomoka.

Hatua ya nne: piga hesabu

Fahirisi zilizochapishwa ni nyingi, na karibu zote zinazungusha mambo mawili niliyoyaeleza: seli ndogo dhidi ya idadi ya seli, na mtawanyiko. Hizi nne zinatosha:

```
Mentzer        = MCV / RBC
England-Fraser = MCV - RBC - (5 x Hb) - 3.4
Green-King     = MCV x MCV x RDW / (100 x Hb)
RDWI           = MCV x RDW / RBC
```

Vipimo lazima viwe hivi: MCV kwa femtolita, RBC kwa mamilioni katika mikrolita, Hb kwa gramu katika desilita, na RDW ile ya asilimia. Maabara inayotoa Hb kwa gramu katika lita itakuandikia 114 badala ya 11.4. Ukiiingiza hivyo kwenye England-Fraser utapata namba hasi kubwa mno na kila mgonjwa atakuwa na thalasemia. Gawa kwa 10 kwanza.

Mentzer, ya mwaka 1973, ndiyo rahisi kuliko zote na inafanyika kichwani. Chini ya 13 inaelekea thalasemia, juu ya 13 inaelekea chuma. Mbebaji mwenye MCV 63 na RBC 5.8 anapata 10.9. Mwenye ukosefu wa chuma, MCV 68 na RBC 4.15, anapata 16.4. Mimi namba iliyoangukia kati ya 12 na 14 naihesabu kuwa haijajibu. Kuiamini 12.9 na kuikataa 13.1 ni kuipa mashine usahihi ambao haina.

England-Fraser nayo ni ya 1973. Jibu hasi linaelekea thalasemia, jibu chanya linaelekea chuma. Faida yake ni kwamba inaingiza Hb, yaani ule uwiano wa seli ndogo sana na upungufu mdogo. Green-King inaingiza RDW, na mpaka wake ni 65: chini ni thalasemia, juu ni chuma. RDWI ni Mentzer iliyozidishwa kwa RDW, na mpaka wake ni 220 kwa mtindo uleule.

Piga angalau mbili, moja yenye RDW na moja isiyo nayo. Zikikubaliana, una mwelekeo. Zikipingana, usitafute ya tatu ili ipige kura. Kupingana huko ni taarifa kamili, na mara nyingi kunamaanisha kwamba hali zote mbili zipo ndani ya mtu mmoja.

Kazi ya fahirisi ni kukuchagulia kipimo kinachofuata. Hakuna hata moja inayowapata wabebaji wote bila kukosa, na mipaka ya 13, 65 na 220 ilitokana na mashine na watu fulani. Mashine mbili zinaweza kutofautiana femtolita kadhaa za MCV kwa damu ileile.

Pale zinapokudanganya

Mjamzito ana plazima nyingi zaidi, hivyo RBC na Hb zake zinashuka kwa kuchanganywa tu. Mbebaji aliyekuwa na RBC ya 5.6 anaweza kufika 4.7, na Mentzer yake ikavuka 13. Kwa bahati mbaya huyu ndiye ambaye jibu lake linahitajika haraka kuliko wote. Kwa mjamzito mwenye MCV chini ya 80 au MCH, kiasi cha himoglobini katika kila seli, chini ya 27, usiache fahirisi imzuie kupimwa aina za himoglobini.

Ukosefu wa chuma ulio mwanzoni, hasa kwa watoto, unaweza kuwa na RBC iliyo juu ya 5 kwa sababu uboho bado haujachoka. Mtu mwenye ugonjwa wa uboho unaozalisha seli nyekundu kupita kiasi, kisha akaishiwa chuma kwa kutokwa damu au kutolewa damu, naye ana seli ndogo nyingi, na Mentzer itasema thalasemia bila kusita. Kidokezo chake ni kwamba Hb haiko chini, na chembe nyingine za damu huenda zimezidi.

Alfa thalasemia ni shida ya peke yake. Mtu aliyepoteza jeni mbili kati ya nne za alfa ana MCV ndogo na RBC nyingi, fahirisi zinaweza kumwona, lakini kipimo cha HbA2, aina ya himoglobini inayopanda kwa wabebaji wa beta, kitarudi cha kawaida. Aliyepoteza jeni moja tu anaweza kuwa na MCV ya kawaida kabisa na asionekane popote.

Magonjwa ya muda mrefu pia yanaweza kushusha MCV, kwa kawaida si chini sana. Ukiona MCV ya 78 kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa viungo wa miaka, kupiga Mentzer ni kupoteza muda. Fahirisi hizi zimejengwa kwa maswali mawili tu, na mgonjwa wa swali la tatu zitampa jibu la uongo.

Hatua ya tano: thibitisha kwa mpangilio sahihi

Kipimo cha kwanza ni ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma. Chini ya 15 kwa mtu mzima ni ukosefu wa chuma, na hakuna ugonjwa mwingine wa kawaida unaoishusha hivyo. Tatizo liko upande wa pili: maambukizi na uvimbe wowote mwilini hupandisha ferritini, kwa hiyo 45 kwa mtu mwenye homa haithibitishi kwamba chuma kipo. Pima CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mpaka wa 70 kwa watu wazima wenye maambukizi au uvimbe.

Kipimo cha pili ni utenganishaji wa himoglobini, ambao unatoa kiasi cha HbA2. Zaidi ya asilimia 3.5 pamoja na MCV ndogo ni ubebaji wa beta thalasemia. Ukiona HbA2 ya asilimia 25 hiyo si thalasemia ya kawaida. Kwa baadhi ya mashine himoglobini E, aina nyingine ya himoglobini ya kurithi, hutoka mahali palepale pa A2, na maabara inapaswa kuitenganisha kwa njia nyingine.

Mpangilio una maana kwa sababu ukosefu wa chuma unaweza kushusha HbA2. Mbebaji aliyeishiwa chuma anaweza kurudi na 3.3 au 3.4 na kuandikiwa kwamba hana thalasemia. Jibu la kawaida la HbA2 lililochukuliwa wakati ferritini ni 6 halijamaliza kesi. HbA2 iliyo juu, kwa upande mwingine, unaweza kuiamini hata kama chuma hakitoshi.

Usidharau kioo. Damu ya mwenye ukosefu wa chuma ina seli zenye weupe mkubwa katikati, ukingo mwembamba, na hapa na pale seli ndefu nyembamba kama penseli. Za ukubwa mbalimbali zimelala pamoja katika uwanja mmoja. Damu ya mbebaji ina seli ndogo zinazofanana, baadhi zikiwa na doa jekundu katikati ya weupe, na katika beta thalasemia nyingine zimetapakaa vitone vya buluu ndani. Seli zenye doa hazithibitishi chochote zenyewe, maana ugonjwa wa ini nao huzisababisha, lakini pamoja na RBC ya 5.8 zinaongeza uzito.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue mwanamke wa miaka 29 mwenye hedhi nzito. Amechoka, na anasema ameshawahi kutumia vidonge vya chuma mara mbili, akapata nafuu lakini akaambiwa damu "haikukaa sawa". Hana homa, hajaongezewa damu, si mjamzito, sampuli ni ya asubuhi hiyohiyo.

Hb ni 8.9, RBC 4.90, MCV 60, MCH 18.2, RDW 19.8.

Kwa MCV na RDW pekee hili ni jibu la haraka: seli ndogo zilizochanganyika, hedhi nzito, ukosefu wa chuma. Lakini soma RBC. Mtu ambaye ukosefu wa chuma pekee umemshusha hadi MCV ya 60 tungetarajia awe na RBC iliyoshuka wazi, na huyu ana 4.90 huku Hb ikiwa 8.9. Kuna kitu kinausukuma uboho utoe seli nyingi.

Mentzer: 60 gawa kwa 4.90 ni 12.2, upande wa thalasemia, ingawa ndani ya ile 12 hadi 14 isiyojibu. England-Fraser: 60 toa 4.90, toa 44.5, toa 3.4, inabaki 7.2, chanya, upande wa chuma. Green-King: 3,600 mara 19.8 gawa kwa 890 ni 80.1, upande wa chuma. RDWI: 60 mara 19.8 gawa kwa 4.90 ni 242, upande wa chuma.

Tatu dhidi ya moja. Anayehesabu kura ataandika ukosefu wa chuma na kufunga faili, kama ilivyofanyika mara mbili zilizopita. Ila kumbuka kwamba Green-King na RDWI zote zina RDW ndani yake, na England-Fraser ina Hb. Ukosefu wa chuma unapandisha RDW na kushusha Hb hata kwa mbebaji, kwa hiyo unaziburuta fahirisi zote tatu upande mmoja. Hizo si kura tatu zinazojitegemea.

Ferritini inarudi 6, CRP ya kawaida. Ukosefu wa chuma umethibitishwa. HbA2 inarudi 3.4. Maabara inaandika kwamba ni ya kawaida, na kwa kiwango chake ni kweli. Sisi tunaandika: irudiwe chuma kikishajaa.

Anatibiwa kwa chuma cha mdomo, na hedhi inashughulikiwa, kwa sababu bila hilo akiba itavuja tena. Baada ya mwezi mmoja Hb ni 10.4. Imepanda 1.5, kwa hiyo chuma kinaingia na kinatumika. Huu si wakati wa kurudia hesabu, damu bado ni mchanganyiko wa seli za kabla na za baada ya tiba. Subiri zile za zamani zimalize siku zao, yaani miezi minne hivi.

Baada ya miezi minne ferritini ni 48. Hb 11.6, RBC 5.75, MCV 64, RDW 15.4.

RDW imeshuka kutoka 19.8, na ule mchanganyiko umeisha. RBC imepanda hadi 5.75. Na MCV, baada ya miezi minne ya chuma kilichofanya kazi, imetoka 60 ikasimama 64. Huo ndio mwisho wake. Ile 4 ndiyo iliyokuwa ya ukosefu wa chuma, na pengo linalobaki kutoka 64 hadi 80 si la chuma kabisa.

Mentzer sasa ni 11.1. England-Fraser ni hasi 3.2. Green-King ni 54.4. RDWI ni 171. Zote nne ziko upande mmoja, na HbA2 iliyorudiwa ni 4.9. Ni mbebaji wa beta thalasemia, ambaye pia alikuwa ameishiwa chuma.

Kama HbA2 ingerudi 2.6 huku ferritini ikiwa 48 na MCV 64, hatua ingekuwa kupima jeni za alfa, na kupima picha ya damu ya wazazi wake ikiwezekana, kwani mzazi mwenye MCV ya 66 na chuma cha kutosha anafupisha safari nzima.

Kinachofuata ni mwenzi wake. Picha kamili ya damu na HbA2, vyote viwili kwa pamoja, hata kama Hb yake ni 14. Mwenye MCV ya 80 au zaidi na MCH ya 27 au zaidi ana uwezekano mdogo wa kubeba beta thalasemia ya kawaida, lakini zipo kasoro za beta zilizo kimya ambazo haziguswi na MCV, na mwenzi wa mtu aliyethibitishwa anastahili kipimo kamili. Wote wawili wakiwa wabebaji, wanapelekwa kwa ushauri wa kijenetiki kabla ya ujauzito.

Kwenye faili la mwanamke huyu iandikwe kwa maneno yanayoonekana ukurasa wa mbele: mbebaji wa beta thalasemia, HbA2 4.9, MCV yake ya kawaida ni 64 na Hb yake ya kawaida ni 11.6, asipewe chuma bila ferritini. Hedhi ikizidi tena atarudi na RDW iliyopanda na RBC iliyoshuka kutoka 5.75, na atakayempokea atakuwa na namba za kulinganisha nazo.